Mama mkubwa anasema ajali imetokea kwa sababu hatukutuma

*“Grupu letu la ukoo lina watu 64, wengi wako Tanga na Dar, wengine Mombasa na Maskati. Mama mkubwa alituletea ule waraka wa Sheikh Ahmad wa Madina, kwamba asiyeusambaza kwa watu 20 ndani ya siku nne atafikwa na msiba. Mdogo wangu wa kiume akaufanyia mzaha: ‘Tumeni kwa watu 20, asiyetuma atazeeka bila mke.’ Watu walicheka, hakuna aliyetuma. Siku ya tatu mtoto wa mama mkubwa akaanguka na bodaboda, akavunjika mguu. Sasa mama mkubwa halali. Anasema tumemcheka Mtume na lawama zote anamtupia mdogo wangu. Mimi siamini mambo haya, lakini usiku ule nilikaribia kutuma. Kwa nini? Na nimwambie nini mama mkubwa?”*

Mpe pole mgonjwa wenu. Nitaanza na waraka wenyewe, maana ukishajua umri wake hautakutisha kama mwanzo.

Waraka huo ulifika Lindi mwaka 1908. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa mwaka mmoja tu uliotangulia, na Wajerumani walikuwa wanashtukia kila kitu. Nakala zilizoandikwa kwa mkono zikaanza kupita msikiti hadi msikiti katika pwani ya kusini, zikisema kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume kule Madina, amemwona Mtume ndotoni, kwamba umma umeasi na mwisho wa dunia umekaribia. Watu wakaingiwa na hofu, wakarudi kwenye ibada. Maofisa nao wakaingiwa na hofu ya kwao: wakaukamata waraka, wakauita Barua ya Makka, wakaamini kuwa ni mwito wa vita vingine. Kwa maneno mengine, karatasi ileile ilimtisha muumini na ilimtisha mtawala, kila mmoja kwa jambo alilokuwa analiogopa tayari.

Wala hapo Lindi haukuwa mchanga. Snouck Hurgronje, mwanachuoni Mholanzi aliyechunguza mambo ya Makka, alikuwa ameshaandika juu yake katika miaka ya 1880, ulipokuwa ukizunguka katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Kwa hiyo Sheikh Ahmad amekuwa akiota ndoto hiyohiyo kwa zaidi ya miaka 140, na kila mara mwisho wa dunia uko karibu. Idadi ya waliokufa bila imani hubadilika kutoka nakala moja hadi nyingine. Fedha alizopata aliyetii nazo hubadilika. Kisichobadilika ni agizo la kunakili.

Kuhusu shutuma kwamba mmemcheka Mtume, mimi ni mtafiti wa uvumi na fasihi simulizi, si sheikh, na fatwa sitoi. Ila mama mkubwa ana haki ya kujua kwamba waliokataa waraka huu mapema na kwa ukali ni wanazuoni wenyewe. Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa Mufti Mkuu wa Saudia hadi alipofariki mwaka 1999, aliandika onyo refu dhidi yake, akauita uzushi. Hoja yake moja inaeleweka hata na asiyesoma: hata mtu anayeiandika Qurani na kuituma mji hadi mji hakuahidiwa thawabu zinazotajwa humo, basi vipi karatasi ya ndoto ya mtu asiyejulikana? Kuukataa waraka na kumkataa Mtume ni vitu viwili mbalimbali. Jambo hili analiweza imamu wa msikiti wenu kuliko wewe au mimi, na nitalirudia mbele.

Usidhani pia ni ugonjwa wa Waislamu. Majirani zenu Wakristo wana ndugu yake kabisa, barua inayodai kuandikwa na mmisionari aitwaye de Croof huko Amerika ya Kusini. Yeye anataka nakala 20 ndani ya saa 96. Humo yumo Constantine Dias, aliyeipokea mwaka 1953, akamwamuru karani wake anakili 20, siku chache baadaye akashinda bahati nasibu ya milioni mbili. Yumo na mwingine aliyeitupa, akafa siku tisa baadaye. Mwaka 2003 watafiti watatu, Bennett, Li na Ma, walichapisha uchunguzi wa nakala 33 za barua hiyo zilizokusanywa kati ya 1980 na 1995. Walilinganisha makosa ya maandishi na majina yaliyopindapinda, wakachora ukoo wa barua kama wanavyochora ukoo wa viumbe: hii mama, hizi mabinti, hizi wajukuu. Mimi mwenyewe niliinakili nikiwa sekondari, kwa karatasi ya kaboni, nakala nne nne ili zifike 20. Mwandiko wa zile za chini ulikuwa hausomeki, na nilikaa wiki nzima nikiamini kwamba hazitahesabiwa.

Wengi hufikiri kuna mtu mjanja mahali fulani anayekaa na kutunga vitisho hivi ili afaidike. Kwa matapeli wa fedha ni kweli, ila kwa waraka wa bahati na msiba mara nyingi hakuna mtu wa namna hiyo. Chukulia karatasi mbili. Ya kwanza inasema: mcheni Mungu, wasaidieni maskini. Ya pili inasema hayohayo, kisha inaongeza: nakili mara 20 kabla ya siku nne, fulani alitii akatajirika, fulani alidharau akafiwa. Ziachie zote mbili mitaani miaka 100. Ya kwanza itasomwa, itapendwa, itawekwa kwenye droo. Ya pili ndiyo itakayofika kwenye simu ya mama mkubwa, kwa sababu imebeba ndani yake amri ya kuzaliwa tena. Wanaoinakili huongeza kidogo, husahau kidogo. Nyongeza inayotisha zaidi au inayochekesha zaidi hupata nakala nyingi, nyingine hufa kimyakimya. Tumekuja kuletewa zile zilizobaki baada ya mchujo wa karne nzima, tukadhani ni maneno ya mtu mmoja.

Ndiyo maana mzaha wa mdogo wako nao unaweza kwenda mbio. Uangalie vizuri. Una watu 20, una sharti, una adhabu kwa asiyetuma. Mifupa ni ileile, amebadilisha nyama tu. Waraka hauulizi kama anayeusambaza anaamini, anaogopa au anacheka; unahesabu nakala. Huenda wapo ndugu waliouchukua mzaha ule wakaupeleka kwenye magrupu mengine, na huko wapo waliouliza “jamani, huu waraka wenyewe uko wapi?” wakaletewa.

Halafu kuna jambo letu sisi ambalo mtu wa nje halioni kirahisi. Kwetu kicheko na woga havikai mbali. Msibani mtani ndiye anayeruhusiwa kulala kwenye mkeka wa marehemu na kudai deni lake, na wafiwa wakacheka huku machozi yanatoka. Utani umepewa nafasi palepale panapotisha. Kwa hiyo waliocheka kwenye grupu lenu si lazima walikuwa wanadharau. Wengi wao walikuwa na kile kijibaridi ulichokipata wewe usiku ule, wakapata njia ya kukitoa bila aibu. Mzaha humpa mtu pa kujificha pande zote mbili. Likitokea baya atasema “si niliwaambia?”, lisipotokea atasema “nilikuwa natania.” Anayetuma kwa woga ana maficho yake pia, yale maneno madogo ya mwanzoni: “Nimetumiwa”, “Kama nilivyopokea”. Maana yake ni kwamba mzigo umepita mikononi mwangu lakini si wangu.

Lakini utani una mipaka ya nani kwa nani, na nadhani kidonda cha mama mkubwa kiko hapo zaidi kuliko kwenye waraka. Mjukuu humtania bibi, binamu humtania binamu. Mama mkubwa ni mama. Mdogo wako alimjibu mama yake kwa mzaha mbele ya watu 63, na katika hao wamo wakwe na wadogo zake. Ajali ilipokuja, uchungu uliokuwa unatafuta njia ukaipata. Hata kama kesho utamthibitishia kwamba waraka ni wa uongo, bado ile fedheha itabaki palepale.

Umeuliza kwa nini ulikaribia kutuma. Ni kwa sababu bei ilikuwa ndogo. Kutuma ni bando kidogo na aibu kidogo. Kutotuma, kama waraka ukiwa wa kweli, ni roho ya mtu. Akili ikiwekewa mizani ya namna hiyo saa sita usiku haiulizi “ni kweli?”, inauliza “nitapoteza nini?” Lugha yetu yenyewe inamsukuma mtu upande huo: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na aliyeleta hakuwa mtu wa mtaani. Ungeletewa na namba usiyoijua ungefuta kabla ya kumaliza mstari wa pili. Umeletewa na aliyekulea, na waraka umesema kwa sauti yake. Watu wazima wengi ninaozungumza nao hunieleza kwamba hawakusoma hata nusu ya walichotuma. Kutuma kwenyewe ndiko kusema “nawawaza huko mliko”, hasa kwa watoto walioko Maskati ambao salamu ya asubuhi imeshaisha na cha kuongea hakipo.

Sasa ajali. Nyie ni 64 na siku zilikuwa nne, kwa hiyo mmeishi siku 256 kwa pamoja. Tuseme, kwa makadirio tu, kila mtu hufikwa na jambo baya la kukumbukwa mara moja katika siku 100: homa kali, kuibiwa, kuanguka, kufukuzwa kazi. Kwenye ukoo wenu hayo yatakuwa mawili au matatu katika siku nne zozote zile, waraka uwepo usiwepo. Huna haja ya kuniamini. Rudi nyuma kwenye grupu, chagua siku nne zozote za mwezi uliopita, uhesabu “ugua pole” na “poleni sana” ngapi zimo. Waraka hauna uwezo wa kuleta ajali. Kazi yake ni kumfanya mtu akae macho akisubiri mojawapo, na ikitokea aijue kwa jina.

Kuna jambo jingine ambalo huenda umeshaliona. Mama mkubwa ndiye aliyetuma! Ameufikisha kwa watu 63, mara tatu ya walioagizwa. Kwa sharti la waraka wenyewe, yeye ndiye wa kupata heri na mdogo wako ndiye wa kuvunjika mguu. Hoja hii ni nzuri kwako ili ulale. Kwake usiitumie kama rungu, maana mzazi mwenye hatia huigeuza haraka: “basi sikutuma kwa nia safi.” Nimeshaona ikitokea.

Kuhusu la kufanya, kila njia ina gharama yake. Kumsahihisha kwenye grupu ndiyo njia ya haraka na ndiyo mbaya kuliko zote. Utashinda hoja na utampoteza mtu, na safari ijayo atatuma kwa siri kwenye grupu la akina mama pekee. Kukaa kimya kunalinda heshima, lakini kwenye grupu kimya husomeka kama kukubali. Kutuma tu ili yaishe kunavutia, nami sitakuchukia ukifanya, ila hakuishi: umemfundisha kwamba dawa ya woga ni nakala, na woga ukirudi atataka nakala nyingine. Ninachokushauri ni simu, au bora zaidi uende kwake. Usianze na Sheikh Ahmad. Anza na mgonjwa. Mdogo wako atangulie au mwende pamoja, aombe radhi kwa mzaha aliomfanyia mama mbele ya watu, kwa hilo tu, bila kuongeza “lakini ule waraka ni uongo.” Radhi yenye “lakini” hairudishi kitu. Waraka uzungumzwe siku nyingine, na azungumze mtu ambaye dini yake mama mkubwa anaiheshimu. Mwombe imamu akae naye, au mjomba aliyesoma. Kitakachomtuliza ni kusikia kutoka kwa mtu wa msikiti kwamba hana deni la nakala kwa Mtume.

Hapo naongelea waraka wa bahati na msiba, ambao madhara yake makubwa ni usingizi na ugomvi. Tahadhari za hatari zinataka mkono mzito zaidi, kwa sababu watu huzitekeleza. Agosti 2014, wakati wa Ebola, ulizunguka Nigeria ujumbe kwamba kuoga na kunywa maji ya chumvi kunakinga. Wapo waliolazwa na wapo waliokufa kwa chumvi. Mwaka 2018 nchini India tetesi za wateka watoto zilipita simu hadi simu, na wapita njia wasio na kosa wakapigwa hadi kufa. Baada ya hapo WhatsApp ikapunguza mazungumzo unayoweza kusambazia kwa mara moja hadi matano, kwanza India, kisha dunia nzima Januari 2019. Aprili 2020 ukawekwa mpaka mwingine: ujumbe ulioshapita mikono mitano au zaidi, ule wenye mishale miwili juu yake, unaweza kuupeleka sehemu moja tu kwa wakati mmoja.

Mishale hiyo miwili mfundishe mama mkubwa kuitazama, inamfaa kuliko mhadhara. Ina udhaifu mmoja: mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, mishale hupotea, na ujumbe wa miaka kumi unaonekana wa leo asubuhi. Hapo tazama tarehe. Tahadhari ya kweli hutaja siku, mahali na nani ametoa. Ile ya kuzima simu “usiku wa leo” kati ya saa sita u nusu na saa tisa u nusu kwa sababu ya miale kutoka sayari ya Mirihi imesema “leo” kwa miaka mingi, na itasema tena. Ile ya Paracetamol mpya, nyeupe, inayong’aa, yenye kirusi cha Machupo ilivuma mwaka 2017. Kirusi hicho kipo kweli, ni cha Bolivia na huenezwa na panya, lakini hakiishi ndani ya kidonge kikavu. Uongo unaodumu mara nyingi huwa na neno moja la kweli ndani yake, na hilo ndilo linalomnasa mtu aliyesoma.

Mpeleke mama mkubwa kwa daktari kama wiki mbili zitapita bado halali, kama hali chakula vizuri, kama mapigo ya moyo yanamwenda mbio kila simu inapolia, au kama ameanza kunakili waraka usiku kucha na hawezi kuacha. Huo si ujinga wala si imani iliyozidi, ni woga uliomlemea na unatibika. Usisubiri hizo wiki mbili iwapo ameacha dawa zake za presha au sukari kwa sababu ya kitu alichokisoma kwenye simu. Na kama waraka wa baraka umekuja na namba ya kutumia fedha, hiyo si kazi ya imamu tena. Kwa Tanzania, utapeli wa simu unaripotiwa TCRA kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, na kama hela imeshatoka nendeni polisi na kwa mtandao wenu wa simu siku hiyohiyo.

Sheikh Ahmad atarudi kwenye grupu lenu, pengine kabla ya Ramadhani ijayo, pengine na mama mkubwa huyohuyo. Siku hiyo usiandike kitu. Mpigie, mwamkie, muulize mguu wa kijana unaendeleaje, na umwache yeye ndiye aulize kama umeuona.